Zoezi la kufupisha, au kufupisha?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kidato cha nne. Katika zoezi la kusahihisha ufupisho hukutana na wanafunzi wawili ambao wote hawajavuka idadi ya maneno, lakini nahisi mmoja amebana lugha na mwingine ametupa hoja. Nitawezaje kuthibitisha hisia hiyo, ili mwanafunzi asidhani namwonea?

Jibu: Mwalimu, hisia yako ni sahihi na inathibitika kwa kalamu. Lakini siwezi kuanza kabla ya kusema na wewe juu ya maneno matatu uliyoyaandika mwanzoni mwa sentensi yako ya pili: "zoezi la kusahihisha".

Zoezi linatokana na kuzoea. Ukimfanya mtu azoee jambo, unamzoeza, na kile unachomzoezea ndicho zoezi. Hesabu za darasani ni mazoezi kwa sababu mtoto anazirudia mpaka zimkae. Mwanariadha anayekimbia kule Iten alfajiri yumo mazoezini. Hata ufupisho wenyewe, ukimpa mwanafunzi Jumanne ili aujaribu tena Alhamisi, ni zoezi halisi. Lakini wewe unaposahihisha huzoei chochote. Unasahihisha. Kitenzi kipo, kimekamilika, hakihitaji kushikwa mkono.

Na wewe si wa kwanza. Redio inatuambia "zoezi la kupiga kura limeanza", kana kwamba kura yenyewe itapigwa siku nyingine. Tunasikia "zoezi la kuwasajili makurutu", "zoezi la kuhesabu watu", "zoezi la kuwaokoa waliofukiwa na maporomoko". Mtu yuko chini ya udongo na sisi tunafanya mazoezi! Mwaka jana nilisimama kaburini tukimzika mzee wa jirani yangu, na mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa tunaingia katika zoezi la kuteremsha jeneza. Nilimtazama mjane. Hakuna anayeteremsha jeneza ili azoee. Tulikuwa tunamzika mtu mmoja, mara moja, basi. Kitenzi "kuzika" kina uzito wake, na yule bwana alikifunika kwa neno la uwanja wa michezo kwa kuwa lilimpa mdomo kazi wakati akili inatafuta la kusema.

Hapo ndipo hasira yangu inapokutana na swali lako. Mahali penye kikomo cha maneno, neno tupu halikai bure. Linakula nafasi ya hoja.

Chukua kifungu hiki nilichokitunga kwa mtindo wa karatasi ya pili ya KCSE, ambapo ufupisho hubeba alama 15:

"Wakulima ambao huvuna mahindi wakati ambapo mvua bado inaendelea kunyesha huweza kujikuta wakihifadhi nafaka ambayo haijakauka vizuri. Nafaka ya namna hiyo huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu ambayo haiondoki hata kama mahindi yatapikwa. Kwa sababu hiyo, wataalamu wanashauri kwamba mkulima afanye zoezi la kukausha mahindi juu ya turubai, wala si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, ndipo aweze kuyahifadhi."

Ni maneno 66. Agizo: fupisha kwa maneno yasiyozidi 35. Kabla hujafungua daftari hata moja, keti na kifungu peke yako uandike hoja zake pembeni. Mimi naona saba: kuvuna wakati wa mvua huweza kuleta uhifadhi wa nafaka isiyokuwa tayari, nafaka hiyo huota kuvu, baadhi ya kuvu hutoa sumu, sumu haiondoki kwa kupika, kukausha kufanywe juu ya turubai, kusifanywe juu ya udongo, na kipimo cha unyevu kifikiwe kabla ya kuhifadhi. Ukiziandika baada ya kusoma kazi za wanafunzi, mwenye mwandiko mzuri atakuwa amekwisha kukushawishi zipi ni hoja.

Sasa soma jibu la kwanza:

"Wakulima ambao huvuna mahindi wakati ambapo mvua bado inaendelea kunyesha huhifadhi nafaka ambayo haijakauka. Nafaka ya namna hiyo huota kuvu ambayo hutoa sumu. Kwa sababu hiyo, wataalamu wanashauri kwamba mkulima afanye zoezi la kukausha mahindi."

Maneno 35 kamili. Sarufi safi, mtiririko upo, na mwalimu aliyechoka saa nne usiku atamvika taji. Jibu la pili:

"Mahindi yanayovunwa mvua ikinyesha huweza kuhifadhiwa hayajakauka vizuri, yakaota kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka mahindi yakipikwa. Wataalamu wanashauri yakaushwe turubaini, si udongoni, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, ndipo yahifadhiwe."

Maneno 33. Wote wamo ndani ya mpaka. Chukua kalamu nyekundu, urudi kwenye kifungu asilia, upige mstari chini ya kila neno ambalo mwanafunzi hakulibeba. Kwa mwanafunzi wa pili mistari yako itaangukia "wakati ambapo", "bado inaendelea", "ya namna hiyo", "hata kama", "afanye zoezi la". Kwa wa kwanza itaangukia turubai, udongo, kupika, unyevu na 13.5. Mwonyeshe kurasa hizo mbili. Hatasema unamwonea.

Kisha mhesabie, maana hesabu ndiyo itakayomuuma. "Wakati ambapo mvua bado inaendelea kunyesha" ni maneno sita. "Mvua ikinyesha" ni mawili. "Nafaka ya namna hiyo huota" ni matano. "Ikaota" ni moja. "Afanye zoezi la kukausha mahindi" ni matano. "Akaushe mahindi" ni mawili. "Kwa sababu hiyo" angeweza kuyaacha yote matatu. Jumla ameshikilia maneno 14 yasiyofanya kazi. Na alichotupa? "Isiyoondoka mahindi yakipikwa", matatu. "Turubaini, si udongoni", matatu. "Hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5", saba. Ni 13. Nafasi ilikuwapo, tena ikabaki ya neno moja. Alilipa zoezi kwa turubai.

Ukitaka kipimo cha mwisho, muulize: mkulima aliyesoma ufupisho wako tu, bila kifungu, atafanya nini? Huyu wa kwanza atamwaga mahindi uani, juu ya udongo ambamo kuvu hao hao huishi, na akiona ukungu atajiambia kwamba moto wa jikoni utaua kila kitu.

Kiswahili kinakurahisishia kazi hii kwa sababu kubana kwetu huacha alama ndani ya kitenzi. Aliyebana kweli utamwona akitumia -ki- na -po- badala ya "wakati ambapo", o-rejeshi badala ya "ambaye", -ni ya mahali badala ya "juu ya", na kauli ya kutendea badala ya "kwa ajili ya": "aliwapikia wageni" palipokuwa na "alipika kwa ajili ya wageni". Neno lenyewe ulilolitumia limejengwa hivyo: fupi ikapata -isha ikawa fupisha. Muhtasari tuliupata kwa Waarabu. Kufupisha tulikuwa nako nyumbani. Ukiona vitenzi vya mwanafunzi vimebaki vile vile vya kifungu na idadi bado imeshuka, jua kuna hoja iliyotolewa nje.

Lakini usiwe mkali kupita kiasi na viambishi, kwani navyo huweza kumeza maana. Kifungu kinasema nafaka "ambayo haijakauka". Mwanafunzi mwenye bidii ataandika "isiyokauka" na kuokoa neno moja, ila "isiyokauka" haina wakati ndani yake. Inaweza kusomeka kama nafaka ambayo kamwe haikauki, na ile "bado" iliyokuwa ndani ya -ja- imekufa. Ndiyo maana nilimpenda yule wa pili alipoandika "kuhifadhiwa hayajakauka". Aliondoa "ambayo" bila kuigusa -ja-.

Jihadhari pia na maneno madogo. Yule wa kwanza alifuta "huweza" akabaki na "huhifadhi": kilichokuwa hatari sasa ni desturi ya kila mkulima. Alifuta "baadhi ya", na kuvu wote wakawa na sumu. Ni maneno matatu tu, lakini hoja mbili zimegeuka uongo, na hoja iliyogeuzwa ni kosa zito kuliko hoja iliyoachwa. Sasa tazama mwisho wa kifungu: "ndipo aweze kuyahifadhi". Hapo kuna kuweza nyingine, na hiyo haina kazi. "Ndipo ayahifadhi" inatosha. Kitenzi kimoja, kifungu kimoja, mahali pamoja ni hoja na pengine ni pumba. Kwa hiyo usiwape wanafunzi orodha ya maneno ya kufuta. Waambie waliondoe neno, wasome sentensi, waulize kama dunia inayosimuliwa imebadilika. Ukiondoa "huweza", imebadilika. Ukiondoa "aweze", haijabadilika. Ukiondoa "zoezi la", haijawahi kubadilika popote nilipojaribu, ila darasani na uwanjani.

Wapo na wanaodanganya idadi kwa kuyagandisha maneno: "kwasababu", "kwaajili", "hatahivyo". Hao hawakubana wala hawakutupa. Waambie kwamba unahesabu maneno kama yanavyostahili kuandikwa, kisha uwahesabie hivyo.

Alama zangu? Mwanafunzi wa pili namhesabia hoja zote saba. Wa kwanza namhesabia ya kuota kuvu peke yake kikamilifu, na nusu kwa kutaja kukausha, maana hakusema wapi wala mpaka lini. Mrudishie karatasi, mwache afute yale maneno 14 kwa mkono wake mwenyewe, halafu umwambie achague cha kuingiza katika nafasi iliyofunguka. Nakuomba na wewe, utakaponiandikia tena, usinipe "katika zoezi la kusahihisha ufupisho hukutana na". Nipe "nikisahihisha ufupisho hukutana na".