Kwenye dodoso langu, majibu ya kila mtu ya "kero ya feri ya Likoni" yamejaa kwenye seli moja. Niyahesabu vipi?

— Tenganisha kwa koma tu, `SPLIT` yatosha.

— Koma itatenga, lakini "foleni, joto" na "joto na kungoja sana" zitakupa joto safu mbili tofauti, na hiyo "na" haikatiki. Acha safu ya jibu ilivyo. Soma majibu kama 50 kwanza, uandike makundi, kisha kila kundi lipe safu yake ya 1 na 0. Kwenye Google Sheets, kundi la foleni, jibu likiwa B2:

```
=N(REGEXMATCH(LOWER($B2),"foleni|subir|ngoj"))
```

Tafuta mzizi: "subir" hushika nasubiri na tunasubiri. Ila hushika pia "sikusubiri", kwa hivyo chuja zenye 1 uzisome kwa macho. Majibu yenye 0 kila safu yasome pia. Hapo ndipo "laini ndefu" hujificha.

Asilimia gawanya kwa watu waliojibu, si kwa idadi ya kero. Jumla yaweza kupita 100, na ni sawa.

— Yangu ni ya sauti za WhatsApp, je?

— Ziandike kwanza.