Chaji au bloki? Nilisimama kabisa na bado faulo ilikuwa yangu

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, refa wa kikapu kampa faulo wakati yeye alisimama wima hajatikisika, anauliza kwani ukisimama si inakuwa chaji, yaani faulo ya mwenye mpira? Iliniuma kuisoma maana Jumamosi yamenikuta hayohayo.

Tunaongoza pointi moja, zimebaki sekunde kama 15, gadi wao kampita mwenzetu anakuja kikapuni. Nikakimbia kutoka upande wa pili, nikasimama, mikono juu, akanivaa kifuani tukaanguka wote. Nikainuka nashangilia kumbe refa kashika kiuno kwa mikono miwili, yaani bloki, faulo ya mlinzi. Wakapewa mitupo miwili, akatia yote, tukafungwa. Nilimfokea yule refa maneno ambayo hadi leo yananisumbua.

Usiku nikaangalia video polepole mara nyingi sana. Wakati tunagongana kweli nimesimama, ila rudisha nyuma kidogo tu, mguu wake wa mwisho umeshaachia sakafu na mguu wangu wa kushoto bado uko hewani. Yeye ameruka kabla mimi sijafika. Sheria za FIBA zinasema aliyeko hewani huruhusiwi kumwingilia njia yake baada ya kuruka, kwa hiyo refa hakuangalia nimesimama wakati wa kugongana, aliangalia nilikuwa wapi wakati jamaa anaruka. Alikuwa sahihi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi tunadanganyana viwanjani. Kusimama kama mlingoti sio sharti. Unachotakiwa kwanza ni kumkabili mtu uso kwa uso na miguu yote miwili ikanyage chini, ukishaipata hiyo nafasi unaweza kurudi nyuma, kwenda pembeni, hata kuruka wima, na akikugonga kifuani bado ni chaji. Mwenye mpira hadaiwi nafasi ya kupumua, hata ukimtokea ghafla ni halali mradi umewahi. Ila ukimfuata mbele, au amekupita bega ndio unamsukumia nyonga, hiyo ni bloki na usibishane.

Halafu kuna ile nusu duara chini ya kikapu, mita 1.25 kutoka katikati ya ringi. Ukiwa umekanyaga mle ndani na mtu yuko hewani anafunga au anapasi, chaji ya kawaida haipigwi hata kama umewahi. Mimi nilikuwa nje, kwa hiyo sina cha kusingizia.

Dogo, angalia mikono ya mwenye mpira. Akishaudaka mpira kumaliza dribo amebakiza hatua mbili tu, na mimi Jumamosi wakati yule gadi anaudaka nilikuwa bado nakimbia. Siku hizi mazoezini nikiona ameshaudaka na sijafika, naachana na chaji, naruka wima na mikono juu palepale nilipo, afunge kwa shida.