Namba anaiimba, akiulizwa anakwama

"Mwanangu wa miaka minne anaimba namba yangu ya simu vizuri, shangazi yake akimuuliza anakwama. Akiulizwa anakaa wapi, anajua 'kwa mama' tu."

Salaam dada. Wimbo umemfungia tarakimu zote kumi kwa pamoja, akikatizwa hana pa kushika. Igawe nne, tatu, tatu, mfano 07xx 123 456, na nyumba nzima mtamke hivyohivyo. Baba akisema "kumi na mbili, tatu", kwa mtoto hiyo ni namba nyingine.

Anza na mwisho: wewe sema makundi mawili, yeye amalizie "nne tano sita". Likikaa, mwachie mawili, kisha yote. Halafu mpe simu abonyeze mwenyewe mpaka yako iite. Hapo ndipo wengi hukwama, maana wanazitamka tarakimu bila kuzijua kwa sura.

Kwa anwani, kama mko Ngamiani, "barabara ya 12" haitoshi. Aongeze Tanga, msikiti au duka la jirani, na jina mnaloitwa mtaani. Akisema "mama" tu, muuza duka hatajua ni nani.

Shangazi amuulize tena ghafla, wakiwa sokoni kwenye kelele.