Mafua, vidonda vya tumbo na brufeni

"Mafua siku ya 3, viungo vinauma balaa. Nina vidonda vya tumbo. Brufeni au panadoli?"

Panadoli, dada. Vidonge 2 vya miligramu 500, uache saa 6 kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa siku. Ila soma boksi la dawa ya mafua uliyonayo, nyingi zina parasetamo ndani, ndiyo panadoli hiyohiyo. Hapo ndipo watu huzidisha bila kujua, ini likaumia.

— Si ale ashibe kwanza, ndiyo ameze brufeni?

Nusu umepatia, kaka. Chakula hupunguza kiungulia tu. Brufeni ikishafika kwenye damu inakata kinga ya ukuta wa tumbo, na kidonda kinaweza kuvuja damu hata umeshiba ubwabwa. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali usiku huohuo. Figo nazo hukosa damu ya kutosha, hasa kwa mgonjwa aliyetapika au asiyekunywa maji. Babu anayemeza losatani ya presha na dawa ya kukojoza nisingempa kabisa.

— Mimi nina pumu na brufeni nameza miaka yote!

Wengi wenye pumu hawadhuriki. Wachache kifua hubana ndani ya saa moja au 2, hasa wenye vinyama puani. Asiyewahi kuimeza asianze leo kifua kikiwa tayari kinapiga filimbi.

— Yuko Dar? Nani kasema ni mafua, si dengi?

Swali zuri. Dada, ulipima? Kama ni dengi, brufeni huongeza hatari ya kutoka damu.