Dirisha la Mathare ndani ya Faili la Jiji Zima

Kosa langu la kwanza lilijitangaza lenyewe. La pili lilinyamaza, likanila usiku mzima.

Nililetewa diski ya nje yenye picha ya angani ya upande mmoja wa Nairobi: kilomita 12 kwa 10, kila pikseli sentimita 10. Ni picha ya rasta, na simaanishi wale wa nywele ndefu, namaanisha picha iliyogawanywa katika pikseli zenye mahali pake ardhini. Mteja hakutaka jiji. Alitaka kipande cha mita 400 kwa 300 kando ya Mto Mathare, ahesabu mapaa ya nyumba. Laptopu yangu ina memori ya gigabaiti 8. Nikaandika kwa rasterio, maktaba ya Python ya kusoma picha za rasta, kama nilivyozoea kuandika kwa picha ndogo:

```python
import rasterio

f = rasterio.open("mosaiki.tif")
kipande = f.read()[:, 55000:58000, 65000:69000]
```

Jibu likaja papo hapo:

```
Unable to allocate 33.5 GiB for an array with shape (3, 100000, 120000) and data type uint8
```

Hesabu yake ni rahisi. Pikseli 120,000 kwa 100,000 ni bilioni 12, na kila pikseli ina bendi tatu za rangi za baiti mojamoja, kwa hiyo jumla ni baiti bilioni 36. Mabano ya mraba niliyoyaweka mwishoni hayakusaidia chochote, maana `f.read()` hutangulia kuleta jiji zima, ndipo mabano yakate. Kipande nilichokitaka ni pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani megabaiti 36 tu. Nilikuwa naagiza gunia elfu moja ili nichukue moja.

Dawa yake ni kumwambia msomaji wa faili mapema ni wapi pa kusoma:

```python
import rasterio
from rasterio.windows import Window

with rasterio.open("mosaiki.tif") as f:
    w = Window(65000, 55000, 4000, 3000)
    kipande = f.read(window=w)
    mahali = f.window_transform(w)
```

Ndani ya `Window`, yaani dirisha la kusomea, namba ya safu wima ndiyo hutangulia, kisha mstari, kisha upana, kisha urefu. Angalia kwamba mabano ya mraba ya pale juu yana mpangilio wa kinyume: mstari kwanza. Ukizigeuza hutaona kosa lolote, utaletewa mtaa mwingine tu.

Hizo 65,000 na 55,000 hazikutoka hewani. Picha yangu iko katika EPSG:32737, yaani mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 kusini, ambayo ndiyo inayoifaa Nairobi. Kona yake ya juu kushoto iko mashariki 255000, kaskazini 9866000. Kipande changu kinaanzia 261500 na 9860500. Toa, ugawe kwa 0.1: kulia ni mita 6,500, kwa hiyo safu wima 65,000, kushuka ni mita 5,500, kwa hiyo mstari wa 55,000. Ile namba ya kaskazini inayokaribia milioni kumi huwashangaza wageni. Sisi tuko kusini ya ikweta, na kanda za kusini huhesabu ikweta kuwa milioni kumi ili namba zisiwe hasi. Ukichagua kanda ya 37 kaskazini kwa bahati mbaya, kama vile kazi yako ingekuwa ng'ambo ya lile bango la ikweta la Nanyuki, dirisha lako litaangukia nje kabisa ya picha.

Na ule mstari wa `window_transform` usiuache. Mimi niliuacha mara ya kwanza nikahifadhi kipande kwa vipimo vya picha mama. Nilipokifungua juu ya ramani, mapaa ya Mathare yalikuwa yametua kona ya kaskazini magharibi, kilomita nane na nusu kutoka kwao. Picha yenyewe ilikuwa safi, ni anwani tu iliyokuwa ya uongo.

Basi kipande kikaja, memori haikulalamika, nikafurahi. Lakini kilichukua sekunde nyingi kuliko nilivyotarajia kwa megabaiti 36. Nikalaumu waya wa diski. Kisha mteja akapiga simu: sasa anataka picha yote ikatwe vipande vya ukubwa uleule. Upana ni madirisha 30, na urefu ni 34, la mwisho likiwa pungufu. Nikaandika kitanzi cha kupita kushoto kwenda kulia, mstari hadi mstari, nikakiacha kifanye kazi nikalala. Asubuhi nikakuta hakijafika hata robo, na taa ya diski bado inapepesa.

Ofisini kwetu Ngara kuna mpima ardhi wa siku nyingi, sote twamwita Mzee. Alinikuta nimekodolea macho skrini.

"Kijana, umeliuliza hilo faili limepangwaje ndani?"

"Limepangwaje vipi, Mzee? Si ni TIFF?"

"TIFF ni jina la gunia. Mimi nauliza mahindi yamefungwaje."

Akanionyesha amri moja:

```
gdalinfo mosaiki.tif | grep "Band 1 Block"
Band 1 Block=120000x1 Type=Byte, ColorInterp=Red
```

Hapo ndipo kiini cha mambo kilipo. Faili la TIFF halihifadhi pikseli mojamoja, huzihifadhi kwa mafungu, na fungu likishabanwa halisomwi nusu. Ukitaka pikseli moja ya ndani, unalifumua lote. Hilo neno `Block` ndilo ukubwa wa fungu. Langu lilikuwa na upana wa picha nzima na kimo cha pikseli moja: ukanda mrefu mwembamba. Sasa fikiria ukanda huo ardhini. Unaanzia upande wa Westlands, unapita Mathare, unakwenda kukomea upande wa Dandora. Ili nipate pikseli 4,000 za Mathare, kompyuta ilikuwa inafumua zote 120,000, na ilifanya hivyo kwa kanda 3,000, kwa kuwa kila mstari wa dirisha langu ni ukanda wake. Kila ukanda ukifumuliwa ni baiti 360,000, kwa hiyo dirisha moja la megabaiti 36 lilidai gigabaiti 1.08. Mara thelathini. Memori haikulalamika kwa sababu kilichozidi kilitupwa njiani, ila muda ulikuwa umeshaliwa.

Kitanzi ndicho kilichoniumiza zaidi. Ungedhani kwamba baada ya kufumua kanda hizo kwa dirisha la kwanza, dirisha la jirani yake litazikuta tayari. GDAL, maktaba inayofanya kazi chini ya rasterio, kweli ina akiba ya mafungu yaliyokwisha fumuliwa. Lakini ukiiacha ilivyo, akiba hiyo ni asilimia 5 ya memori ya mashine, kwangu kama megabaiti 400. Kanda 3,000 zinadai zaidi ya gigabaiti moja. Kufikia ukanda wa mwisho, ule wa kwanza umeshafukuzwa, na dirisha la pili linaanza upya kutoka Westlands. Kwa jiji zima, picha ya gigabaiti 36 ingefumuliwa mara thelathini, yaani zaidi ya terabaiti moja ya kazi.

Kuna jaribio dogo la kuuona ugonjwa huu kwa saa ya ukutani. Soma dirisha la 4000 kwa 3000, kisha la 120000 kwa 100. Pikseli ni zilezile milioni 12. Faili likiwa la kanda, la pili litakuja haraka mno, kwa kuwa linafungua kanda 100 badala ya 3,000.

Jaribio hilo pia lina njia ya kutokea kwa aliye na haraka na asiye na nafasi ya diski. Fuata mpangilio wa faili badala ya kupigana nao: soma madirisha ya upana wote, tuseme `Window(0, r, 120000, 500)`, ambayo ni megabaiti 180, kisha kata vipande ukiwa kwenye memori. Kila ukanda unafumuliwa mara moja tu. Vipande vyenye kimo cha 3,000 vitakulazimu kuviandika kwa awamu, na hilo ni usumbufu.

Mimi niliona kama nitarudi kwenye faili hili tena na tena, heri nilipange upya mara moja:

```
gdal_translate mosaiki.tif mosaiki_vigae.tif -of COG -co COMPRESS=DEFLATE -co BIGTIFF=YES
```

Mpangilio wa COG, unaopatikana kuanzia GDAL 3.1, hugawa picha kwa vigae vya pikseli 512 kwa 512. Unaongeza pia nakala ndogondogo za picha kwa ajili ya kutazama jiji zima bila kufungua vigae vyote. `BIGTIFF` iko pale kwa sababu TIFF ya kawaida haivuki gigabaiti 4. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski kabla hujaanza, maana kazi yenyewe huandika mafaili ya muda, na usiianze jioni ambayo stima inapepesa.

Sasa dirisha la Mathare linagusa vigae 9 kwa upana na 7 kwa kimo hata likikaa vibaya, yaani 63. Kigae kimoja kikifumuliwa ni baiti 786,432, kwa hiyo jumla ni kama megabaiti 50. Kutoka gigabaiti 1.08. Kile kitanzi kilichonishinda usiku kucha kilimalizika nikiwa nimeenda kula githeri.

Dawa hii ina mipaka yake. Ukiletewa PNG kubwa, hakuna mafungu ya kurukia. Hufumuliwa kutoka juu kwenda chini, na dirisha lililo chini ya picha hulipia kila kilicho juu yake. Hiyo igeuze kwanza, usijaribu hata kuikatia dirisha. Na madirisha ya pembeni mwa picha yanarudi madogo kuliko ulivyoomba, bila onyo. Safu yangu ya mwisho ilikuwa na kimo cha 1,000 badala ya 3,000, na programu ya kuhesabu mapaa ikaanguka hapo. Siku hizi naangalia `kipande.shape` kabla ya kuendelea.

Lile faili la zamani sikulifuta siku hiyohiyo. DEFLATE hubana bila kubadilisha thamani ya pikseli hata moja, tofauti na JPEG, lakini nilitaka kuona kwa macho. Niliendesha `gdalinfo -checksum` kwa yote mawili, nikaandika namba za bendi tatu kwenye karatasi, Mzee akanisomea za upande wa pili. Zilipolingana zote tatu ndipo nikarudisha gigabaiti zangu.