"Bag" au "back"? Sikiliza irabu, si konsonanti

Ukianza kufundisha matamshi ya Kiingereza kwa wasemaji wa Kiswahili, mapema tu utampata mwanafunzi anayesema "bag" na wenzake wakasikia "back". Ukimwambia akaze g, ataikaza mpaka izae irabu, na neno litageuka kuwa "begi". Mwache g apumzike kwanza. Mrudishe kwenye irabu iliyotangulia.

Wenye Kiingereza chao mara nyingi hawaimalizi g ya mwisho. Ulimi unaziba njia ya hewa, na neno linaishia hapo bila kuachiwa. Hata mtetemo wa nyuzi za sauti hufifia kabla ya wakati, kwa hiyo ughuna unaosikika mwishoni ni mdogo. Tofauti kubwa imeshapita kwenye irabu: kabla ya konsonanti ghuna inavutwa, kabla ya isiyo ghuna inakatwa. Neno likisemwa peke yake, irabu ya "back" huwa takriban theluthi mbili ya ile ya "bag". Yaani ya "bag" ikiwa milisekunde 240, ya "back" itakaribia 160.

Mwaka 1955 mtafiti wa fonetiki Peter Denes alilijaribu jambo hili kwa neno "use", ambalo likiwa nomino huishia na s, likiwa kitenzi huishia na z. Alibadilisha urefu wa irabu na wa sauti ya mwisho. Irabu ndefu ilipofuatwa na s fupi, watu walisikia z, ingawa mwishoni hapakuwa na mtetemo wa nyuzi za sauti. Sikio lilikuwa likipima uwiano wa sauti hizo mbili.

Wafanye wanafunzi wako wasikie hivyo hivyo kwa Praat, programu ya kompyuta ya kuchambua sauti. Rekodi "bag" isiyoachiwa mwishoni. Irabu inaanza pale b inapopasuka na mawimbi yanayojirudia yakatokea. Inaishia pale ile mistari mizito ya spektrogramu inapopotea. Futa kila kilicho baada ya hapo, kisha tengeneza nakala, na katika nakala hiyo ondoa kama theluthi moja katikati ya irabu. Kata pale wimbi linapovuka sifuri, la sivyo utasikia mlio wa "tik" utakaoharibu jaribio. Chezesha zote mbili bila kusema ipi ni ipi; wengi watavutwa upande wa "back".

Kosa ninaloliona sana kwa walimu wapya ni kulinganisha irabu tofauti. I ya "bid" ni fupi kwa asili, kwa hiyo inaweza kulingana na irabu ya "beat" ijapokuwa inafuatwa na d. Linganisha "bid" na "bit", "bead" na "beat". Uweke pia mfano mwishoni mwa sentensi. Katikati ya maneno yanayokwenda haraka tofauti hupungua sana, na mwanafunzi atakwambia haisikii, naye atakuwa na haki.