"Halimfikii mzazi" au "halimpiti mzazi"?

Swali: Ninapoeleza jinsi ya kutafuta madaraja na vipeo viungo vya grafu, yaani kingo na vipeo ambavyo vikiondolewa grafu hukatika, huandika kwamba tawi la mtoto "haliwezi kurudi nyuma ya mzazi". Mwenzangu anasema maneno hayo hayafai kwa daraja. Je, Kiswahili kina namna ya kutenga hali hizi mbili?

Jibu: Kinayo, nayo imo katika vitenzi viwili vya kila siku, kufikia na kupita. Tuchukue disc[u] kuwa namba ya zamu ambayo kipeo u kilifikiwa katika upekuzi wa kina, na low[v] kuwa namba ndogo kabisa iliyo ndani ya tawi la v au inayofikiwa kutoka humo kwa ukingo mmoja, bila kutumia ukingo uliotuleta v. Tunapoondoa ukingo kati ya mzazi u na mtoto v, mzazi mwenyewe anabaki, hivyo tawi likipata njia nyingine ya kumrudia, hakuna kilichokatika. Kwa daraja, basi, tuseme tawi "halimfikii mzazi", yaani low[v] > disc[u]. Tunapoondoa kipeo u, kumfikia mzazi hakulisaidii tawi kitu, kwa sababu hayupo tena, sharti limpite. Hapo tuseme "halimpiti mzazi", yaani low[v] >= disc[u].

Chukua kingo nne: A–B, B–C, C–D na D–B. Tukianzia A, namba zinakuwa A 1, B 2, C 3 na D 4. D ina ukingo wa kurudi B, kwa hiyo low ya D, ya C na ya B zote ni 2. Tawi la C linamfikia B lakini halimpiti: B–C si daraja, ilhali B ni kipeo kiungo, kwani kikiondoka A inabaki peke yake. Tawi la B halimfikii A, hivyo A–B ni daraja. Hata hivyo A si kipeo kiungo, ingawa tawi la B halimpiti, kwa kuwa juu ya mzizi hakuna kipeo cha kufikiwa. Wenyewe huhesabiwa kiungo pale tu unapokuwa na watoto wawili au zaidi katika mti wa upekuzi.

Neno "nyuma" ningeliacha kabisa. Miaka ya nyuma ilitangulia, lakini aliye nyuma yangu katika foleni atafika baada yangu, na msomaji wa namba za zamu hawezi kujua umekusudia ipi.

Usiandike pia "usirudi kwa mzazi", bali "usirudi kwa ukingo uliokuleta". Vipeo viwili vikiunganishwa na kingo mbili sambamba, agizo la kwanza huzipuuza zote mbili na kutangaza daraja lisilokuwepo. La pili huacha ukingo wa pili uonekane, nao hulirudisha tawi kwa mzazi.